Masta Silinda

Nilistaafu mwaka 2011 nikiwa na umri wa miaka 60, na kabla sijazoea kuamka bila kengele, vijana wa mtaani kwetu Morogoro waliniomba nifundishe hisabati na fizikia katika darasa lao la jioni. Tulikaa kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yakigonga mbao. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali, kwa hiyo mara nyingi tulisoma kwa taa ya chemli.

Miongoni mwao alikuwapo fundi magari wa miaka 33, mwenye elimu ya darasa la saba, ambaye kila jioni alifika na harufu ya dizeli. Siku ya kwanza aliniambia, "Shikamoo Mwalimu. Mimi nataka kuwa mhandisi."

Nilimwandikia ngazi zote ubaoni, maana sikupenda adanganyike. Kwanza mtihani wa maarifa, ule wa QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea: hapo ana miaka 35. Stashahada miaka 3, naye ni fundi sanifu wa miaka 38. Shahada miaka 4, kisha si chini ya miaka 3 ya kufanya kazi chini ya wahandisi kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamsajili. Jumla tukapata miaka 45, iwapo hatafeli popote.

Akatazama ubao. "Kustaafu ni 60, Mwalimu. Inabaki 15. Injini nikiifanyia oveholi haidumu miaka 15, na watu wanalipa."

Sikuwa na jibu.

Baada ya miezi michache nikawapa swali la breki. Pistoni ya masta silinda ina kipenyo cha sentimeta 2, na ile ya kwenye gurudumu sentimeta 6. Mguu ukisukuma pistoni ndogo kwa nguvu ya nyutoni 50, kubwa itasukuma kwa nguvu gani? Nilidhani fundi ndiye atakayelipata. Akaandika 150. Nikamwekea mkasi mwekundu, na mbele ya wenzake nikasema mtu wa breki hakupaswa kukosa swali la breki. Maneno yale nayajutia hadi leo.

Kesho yake hakuja, na keshokutwa vile vile. Nikamfuata gereji. Nilimkuta chini ya daladala, akatoka, akanawa mikono kwa petroli, akaniletea kigoda. Ndipo nilipogundua kosa lilikuwa wapi. Swali nililiandika kwa Kiingereza, kama mtihani utakavyokuwa, na kanuni yake ilitaja eneo la uso wa pistoni. Neno lile la Kiingereza yeye alilijua kama "eria", yaani mahali, kama mtu anavyosema eria ya Msamvu. Akalipita, akagawanya vipenyo tu: 6 kwa 2 ni 3.

Nilimwomba karatasi ya miraba. Tukachora duara mbili, moja ya sentimeta 2 na nyingine ya 6, tukahesabu miraba ya sentimeta moja, vipande tukiviunganisha. Ndogo ikatupa kama 3, kubwa kama 28. Si mara tatu, ni mara tisa, kwa sababu duara hupanuka pande zote. Jibu ni nyutoni 450.

"Na hiyo nguvu ya ziada inatoka wapi?" aliuliza.

Nikamwambia hailetwi bure: pistoni ndogo lazima isafiri sentimeta 9 ili kubwa isogee sentimeta 1.

Akanyamaza, kisha akasimama. "Ndiyo maana ukifunga masta ndogo pedeli inazama! Na kubwa inakuwa fupi lakini ngumu!" Wiki ile alikuwa amemfungia dereva mmoja masta silinda pana kuliko ya asili, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani. Dereva alilalamika kwamba breki inataka mguu wa nguvu, naye akamjibu atazoea. Aliacha kila kitu, akaenda stendi kumtafuta. Mimi nilibaki nikilinda spana zake hadi magharibi.

QT alifaulu mwaka 2012. Kidato cha nne, mwaka 2013, alipata fizikia, hisabati akafeli. Aliirudia 2014 akapata D, na D ile tuliisherehekea kwa soda. Stashahada alimaliza mwaka 2018, akiwa na miaka 40.

Shahada hajaanza. Mwanawe wa kwanza aliingia sekondari, na ada ya wawili haikutosha. Kwa karatasi yeye ni fundi sanifu, ingawa pale gereji wanamwita injinia, naye kila mara huwasahihisha. Mwezi uliopita alikuja nyumbani kuazima kitabu changu cha kalkulasi. Sijamuuliza atakirudisha lini.