Mzigo Umekwama, Tarehe Ni Hii

Katika biashara yetu ya mapazia na mazulia hapa Mkomani, jibu la mzigo uliochelewa lilikuwa moja: "Wiki ijayo, inshallah." Mteja alikuwa ameshatoa arbuni, kwa hivyo angesubiri tu. Mimi niliacha kusema hivyo Januari 2024.

Mizigo yetu hutoka Uturuki, na ilikuwa ikipitia Suez na Bahari ya Shamu. Wahuthi walikuwa wakishambulia meli huko tangu Novemba 2023, na kampuni nyingi za meli zikaamua kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Wakala wetu wa forodha alipiga simu: meli haitafika Februari, labda mwisho wa Machi. Idi ilikuwa inakuja tarehe 10 Aprili, na hakuna anayetaka pazia jipya baada ya Idi.

Nilikaa na wakala tukahesabu kwa kurudi nyuma. Meli kufika si mzigo kufika. Kontena letu ni la kuchangia na wenzetu. Baada ya kushushwa Kilindini hupelekwa bohari ya makontena, forodha ikague, kisha ndiyo lifunguliwe. Makaratasi ya mmoja wetu yakikosekana, sote tunangoja. Hapo akaniambia nitie siku 10 hadi 14.

Ijumaa, Januari 19, wakati hakuna mteja aliyekuwa ameanza kuuliza, nilimtumia kila mmoja ujumbe huu:

"Assalamu alaikum. Mapazia uliyoagiza, tuliyoahidi mwisho wa Februari, yatachelewa kwa sababu meli imebadilisha njia. Tarajia kati ya Aprili 8 na 20. Usitutegemee kwa Idi. Unaweza kusubiri, kuchagua kitambaa kilichopo dukani, au kurudishiwa arbuni yote kwa M-Pesa ndani ya siku mbili. Tutakuandikia tena Ijumaa, Februari 9, hata kama hakuna jipya."

Ndugu yangu alitaka tufute "Usitutegemee kwa Idi", akihofia watakimbia. Kweli, wengine walidai pesa zao, nasi tukazirudisha. Lakini bibi mmoja wa Kongowea alinipigia: "Mwanangu, bora umenambia mapema. Nitafua ya zamani, hayo mapya nitayangoja."

Februari 9 hatukuwa na habari yoyote. Tuliandika hivyo hivyo: meli bado iko njiani, tarehe hazijabadilika. Naona ujumbe huo mtupu ndio uliotuwekea wateja, maana simu za "vipi mzigo?" zilipungua sana.

Kontena lilifunguliwa baada ya Idi, na pazia la kwanza likatundikwa Jumatano, Aprili 17. Siku hizi risiti yetu ya arbuni ina tarehe mbili: ya mzigo kufika, na ya sisi kukuandikia.