Hotuba ya Geti la Sirimon

Ukifika geti la Sirimon Ijumaa asubuhi, na wikendi iko na watu, utakuta hotuba tatu nne zikiendelea kwa wakati mmoja. Kila kiongozi na kikundi chake, mabegi chini, watu wanafunga kamba za buti. Nyingi ni za kupitia tu: karibuni Mlima Kenya, mimi naitwa fulani, tusitupe takataka, tuombe twende. Dakika nne, imeisha. Ya anko wangu huchukua dakika ishirini na tano. Kufika dakika ya sita kuna mtu ashaanza kuchungulia simu, na huyo ndiye anko humwangalia zaidi.

Mimi si kiongozi. Chuo tuliachana mwaka wa pili, karo ikiwa ndiyo sababu kubwa, na tangu hapo naandika vitu vya watu kwa malipo. Miezi ambayo hakuna wa kuniandikisha kitu, napanda matatu hadi Nanyuki na kumbebea anko mizigo. (Hapo naandika "kiongozi" kwa sababu neno lenyewe la Kiingereza, ukiliandika kwa tahajia ya Kiswahili, linakuwa gaidi. Anko amekaa mlimani miaka mingi bila kesi na hataki kuanza sasa.) Hotuba yake nimeisikia mara kumi na nne. Mara za kwanza nilidhani ni mzee anapenda kusikika.

Huanza na saa. "Leo tunatoka hapa saa nne. Tunafika Old Moses saa nane mchana. Si saba. Nane." Watu hucheka, kwa sababu safari ya siku ya kwanza ni kama kilomita tisa na ni barabara ya gari, imenyooka, msitu pande zote. Ukiwa mtu wa jimu unaimaliza kwa saa mbili na nusu. Hiyo barabara ndiyo mtego. Geti liko mita 2,650 juu ya bahari, Old Moses ni 3,300, na mwili wa mtu aliyelala Nairobi jana usiku bado unadhani uko Nairobi. Ukikimbia unafika ukiwa umetoka jasho, hujanywa maji, kisha mvua ya mchana inakupata ukiwa umelowa tayari. Jioni kichwa kinaanza, na hujui ni uchovu, ni kiu ama ni mlima wenyewe. Anko anataka ufike ukiwa mzima ndiyo kichwa kikiuma ajue kinauma kwa nini.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna anayempita yeye mbele, na hakuna anayebaki nyuma ya mtu wa mwisho, ambaye mara nyingi ni mimi. Kanuni ya pili ni ya chupa. Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye mbuga zetu tangu Juni 2020, na askari wa getini wanaweza kukagua begi. Ukiwa na chupa ya dukani, uiache hapo. Hiyo anaipitia haraka.

Halafu anafika pale anapopunguza sauti. "Sasa. Hewa." Anawaambia kitu ambacho wengi husoma shuleni vibaya: oksijeni haipungui asilimia ukipanda. Juu na chini ni karibu asilimia 21. Kinachopungua ni uzito wa hewa yenyewe, ule unaoisukuma iingie kwenye damu. Ukifika Lenana, mita 4,985, kila pumzi inakuletea kitu kidogo zaidi ya nusu ya kile ungepata ufuoni Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku, na wikendi ya Nairobi haina siku. Wataalamu husema ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Sisi kutoka Old Moses tunaenda kulala Shipton, mita 4,200. Hesabu ufanye mwenyewe. Wenye nafasi huongeza usiku mmoja Old Moses, na anko huwasihi wafanye hivyo wakati wa kupanga safari, lakini Jumatatu watu wana kazi.

"Kwa hivyo," anasema, "nitawauliza maswali manne. Kila jioni, kila asubuhi, na tena kabla ya kwenda kileleni." Kichwa. Tumbo. Uchovu. Kizunguzungu. Kila moja unajipa sifuri mpaka tatu. Sifuri hakuna kitu, tatu ni mbaya kabisa. Ukijumlisha upate tatu ama zaidi, na kichwa kiwe ndani ya hesabu, una ugonjwa wa mlima, na hupandi tena mpaka upungue. Si yeye aliyebuni hiyo hesabu. Madaktari wa milimani hutumia hiyo hiyo. Yeye alichoongeza ni namna ya kuuliza. Anamuuliza kila mtu pembeni, peke yake. Mbele ya kikundi kila mtu ni sifuri. Nani atasema kichwa kinamuuma wakati msichana aliyemleta mlimani amesimama hapo?

Na panadoli: "Kabla umeze, niambie." Hakatazi. Ila kidonge kinaficha kichwa, na kichwa ndicho kengele yake. Diamoksi ni kitu kingine, inausaidia mwili kuzoea, ingawa itakufanya ukojoe usiku kucha na vidole viwe vinachomachoma. Hiyo anataka uwe umeongea na daktari kabla ya kutoka nyumbani. Dawa za usingizi hapana, kwa sababu zinapunguza pumzi saa ambayo pumzi tayari ni chache.

Saa za siku ya kilele anazitaja mara mbili mbili. Kuamka saa nane kasoro. Kutoka Shipton saa nane na nusu usiku, "kwenye simu itaandika 02:30, usiniambie ulidhani ni mchana." Jua hutoka karibu saa kumi na mbili na nusu. Na hii hapa ndiyo watu hupigia mdomo: saa moja na nusu asubuhi, popote ulipo, unageuka. Hata kama unaona msalaba wa Lenana. Sababu si ukali. Ile miteremko ya kokoto usiku imeganda na inashika buti; jua likiipiga inalegea, unapanda hatua moja unateleza nusu. Mawingu nayo huja mapema. Tena siku hiyo hiyo miguu hiyo hiyo bado inakudai kilomita kumi na nne kurudi Old Moses.

Mwisho anaomba mikono. "Nikikuambia tunashuka, tutashuka? Ambaye amekubali, ainue mkono nimwone." Anasubiri. Kuna siku alisubiri karibu dakika nzima kwa sababu ya mtu mmoja. Mimi niliona ni maigizo, mpaka Februari.

Februari tulikuwa na kikundi cha watu tisa, wengi wa ofisi moja. Kulikuwa na kijana wa jaketi ya buluu, mkimbiaji, mcheshi, ndiye aliyekuwa anachungulia simu getini. Alinyanyua mkono huku akicheka. Jioni ya pili Shipton alijipa mbili: kichwa moja, uchovu moja. Si mbaya. Usiku kabla ya kutoka akasema moja tu. Msichana mmoja alijipa nne, akabaki kambini na mpishi, bila maneno mengi.

Kama saa kumi na moja alfajiri tulikuwa karibu na Harris Tarn, kile kiziwa kilicho chini ya kilele. Mimi nyuma, kazi yangu ni kuangalia buti za watu kwa tochi ya kichwa. Zake zilianza kukanyaga upana, kama mtu anayetembea kwenye feri. Halafu glavu ikamwanguka, akaiokota, akajaribu kuivaa kwa mkono usio wake mara tatu. Na alikuwa amenyamaza. Yule jamaa alikuwa hajanyamaza tangu Thika. Nikapiga mluzi.

Anko akatafuta mahali pa tambarare, akatembea yeye mwenyewe kwanza, hatua kumi, kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine kwenye mstari mmoja. Anatangulia yeye ili ajue ardhi haina makosa. Kisha kijana. Hatua ya tatu akatoka nje ya mstari. Akarudia, akashika hewa, mimi nikamshika. Kichwa kuuma ni jambo moja. Mtu kupoteza mstari maana yake ubongo umeanza kuvimba, na hilo halingojei jua litoke. Ni kushuka, saa hiyo hiyo.

"Niko sawa," akasema. "Nipe dakika kumi. Nimelipa, anko." Kilele kilikuwa kimebaki chini ya mita 300 kwenda juu. Watu wa ofisi yake wamesimama, baridi inakata, na mmoja akaanza kumtetea: si apumzike tu kidogo? Nilidhani patatokea kelele. Anko hakubishana. "Jibu lako nililichukua pale getini, ukiwa mzima. Saa hii sikuulizi." Akawageukia wengine: "Nyinyi pia mliinua mikono." Wakanyamaza. Msaidizi wake akaendelea na wale saba, sisi tukageuka na mgonjwa katikati, anko mbele, mimi nikishikilia begi lake kwa nyuma.

Wagonjwa wa namna hii huwa wanatetea kupanda kwa akili ile ile iliyopatwa na ugonjwa. Ukisubiri waelewe, unasubiri kitu kisichoweza kuja. Hapo ndipo nilielewa kwa nini mzee hutumia dakika ishirini na tano kuongea na watu waliolala vizuri.

Tulifika Shipton kumepambazuka. Alikuwa amepata nafuu kidogo, akataka kulala, anko akakataa, akampa chai na tukaendelea kuteremka bonde la Mackinder polepole. Karibu saa nne hivi akasimama, akaangalia zile lobelia ndefu kama hajawahi kuziona, akauliza kama kuna chakula. Kisha akauliza nani alikuwa amemnyang'anya tochi. Ule ubishi wote hakuukumbuka. Old Moses alitembea mstari wa anko hatua kumi bila kuyumba, na hesabu yake ikawa moja, ya uchovu. Wenzake walimkuta jioni amekula sahani mbili. Walikuwa na picha za Lenana, na kwa adabu hawakuzitoa mpaka yeye mwenyewe alipoziomba.

Safari iliyofuata niligundua anko amebadilisha mpangilio. Saa amezipeleka nyuma, chupa pia. Siku hizi anaanza na mikono, watu wakiwa bado hawajafungua mabegi wala simu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kufika dakika ya sita walikuwa wanampotea.