Maitũ, tata, mwarĩ wa maitũ: unamwita nani nini ukweni kwa Wakikuyu (sehemu ya sita)

Leo naacha habari za chanjo na kunyonyesha kidogo. Kuna dada kutoka Tanga ameniandikia, kachumbiwa na kijana wa Murang'a, na Jumamosi ijayo anaenda kwao mara ya kwanza. Anauliza: "Da' nesi, kule nimwite nani nini? Mchumba wangu anasema niite tu mama, nitaeleweka." Ataeleweka, ndiyo. Lakini mimi ni mtu wa Mombasa niliyeolewa Nyeri, na nakuambia hilo neno mama kule lina mambo yake. Mama mkwe ndiye huyohuyo atakayekuja kukaa nawe ukijifungua, kukupikia uji na kumshika mtoto usiku ukiwa hoi, kwa hivyo jinsi mnavyoanza kuitana si jambo dogo.

Kwanza kusoma, maana Kikuyu kina herufi mbili zenye kofia. Ĩ iko katikati ya i na e, ũ iko katikati ya u na o. Kwa mdomo wetu wa pwani, maitũ soma "maito", utakuwa karibu sana. Na c yao soma sh. Ndiyo maana cũcũ, yaani bibi, Kenya nzima inamwita "shosho", hata Wajaluo na Wagiriama wa Nairobi.

Sasa njoo kwa mama. Sisi tuna neno moja tunalishonea viambishi: mamangu, mamako, mamake. Kikuyu hakifanyi hivyo. Mama yangu au yetu ni maitũ. Mama yako ni nyũkwa. Mama yake au yao ni nyina. Maneno matatu mbalimbali, na "yangu" iko ndani ya maitũ tayari, huwezi kuing'oa. Ukimwambia mtu maitũ, umeshasema "mama yangu", hakuna njia ya kusema maitũ ukabaki mgeni.

Na hapo ndipo penye raha na penye ugumu. Chukulia umekaa jikoni na dada mkubwa wa mchumba wako, mnamenya viazi vya mũkimo. Unataka kujua mama kaenda wapi. Ukifuata sarufi kama ulivyofundishwa shuleni, huyu ni mama yake yeye, si wako, basi utasema "nyũkwa arĩ kũ?", mama yako yuko wapi. Sarufi ni sahihi, lakini moyo hapana. Kwanza umejitenga: umesema huyu ni wenu, si wangu. Pili, hebu lisikilize hilo neno kwa sikio la pwani. Nyũkwa. Nyoko. Si mnaona? Ni ndugu kabisa hawa, na kama kwetu nyoko lilivyogeuka kuwa tusi ambalo mtoto akilitamka anachapwa, nyũkwa nalo likirushwa peke yake kwa hasira ni tusi hilohilo. Bibi anaweza kumuuliza mjukuu "nyũkwa arĩ kũ" asubuhi na isiwe neno, kwa sababu ni mkubwa anayemuuliza mtoto kwa sauti ya kawaida. Wewe mchumba mgeni usilitumie. Sema "maitũ arĩ kũ?" Yule dada atasikia kwamba unasema "mama yetu".

Nyina nalo lina mahali pake. Ukiwa kwenu Tanga unamsimulia shangazi yako anayejua Kikuyu, utasema nyina, mama yake mchumba. Lakini mbele ya watoto wa yule mama, ukimtaja kwa nyina ni kama unazungumza habari za jirani.

Swali ambalo naulizwa sana: je, mtu anaweza kusema maitũ siku ya kwanza, kabla ya mahari? Kwa maoni yangu, usilikimbilie. Neno la mkwe kwa Kikuyu ni mũthoni, na linatoka shina moja na thoni, yaani haya, ile haya ya heshima. Ziara za mwanzo zina thoni ndani yake, hata kama familia ni ya mjini na watu wanacheka. Siku hiyo ya kwanza sema "mami". Mami liko katikati: ni la mapenzi, vijana wengi wa Kikuyu wenyewe wanaita mama zao hivyo, na halidai undugu ambao wazee hawajaukalia kikao. Msalimie "Wĩ mwega, mami?" Yeye akijibu "Ndĩ mwega" hapo mko sawa.

Kisha sikiliza yeye anakuitaje. Hii ndiyo alama niliyofundishwa na mchumba wangu kabla hatujafika Nyeri, na ilinisaidia kuliko msamiati wote. Mama wa Kikuyu akikukubali huwa anakurudishia neno lake mwenyewe. Atakuambia "mwarĩ wakwa", binti yangu. Au atakuita "maitũ", wewe msichana mdogo, kwa mapenzi, kama akina mama wa pwani wanavyomwambia mtoto wa kike "mama, njoo ule". Mimi nililipata ziara ya pili, tukiosha vyombo. Alisema tu, "Maitũ, ehera ndogo-inĩ," toka hapo kwenye moshi. Hakuna aliyelitilia maanani ila mimi. Kuanzia siku hiyo na mimi nikamwita maitũ, na ruracio, yaani mahari, ilikuja miezi baadaye.

Kuna na neno lingine mtalisikia, nyaciara. Hilo ni mama mkwe kama cheo. Limetoka kwenye gũciara, kuzaa. Wazee wa Mombasa watakumbuka kwamba na sisi tuna mavyaa, mama mkwe, kutoka kuvyaa, kuzaa kulekule. Mtu wa Nyeri na mtu wa Mji wa Kale, hawakuulizana, wote wakamwita mama mkwe "aliyezaa". Lakini kama vile humwiti mama mkwe wako usoni "ewe mavyaa", nyaciara nalo ni la kumtaja, si la kumwita. Na jina lake la kuzaliwa hata usiliguse.

Haya, sasa lile nililosema lina mambo. Neno "mama" lipo kwenye Kikuyu, ila ni mjomba! Kaka wa mama yake mchumba wako ni mama. Mzee ana ndevu, ana fimbo, anaitwa mama. Wakizungumza Kiswahili wanajua mama ni mama, hakuna tabu. Shida inakuja lugha zikichanganyika, na nyumba nyingi siku hizi zinachanganya. Wodini kwetu aliwahi kuletwa mtoto wa miaka sita hivi, mkono umevunjika. Mwenzangu anamuuliza kwa Kiswahili, "Nani amekuleta?" Mtoto: "Mama." "Mama yuko wapi?" Mtoto anamwonyesha kidole mwanamume mlangoni. Mwenzangu akaanza kufikiria kichwa nacho kimeumia! Nikamwambia acha, huyo ni mjomba wake, muulize "maitũ" ndiye yupi. Hata fomu ya ndugu wa karibu inataka uangalifu hapo. Kwa hiyo dada yangu wa Tanga, ukisikia "mama nĩoka", ujue mjomba kafika, usikimbie kumtayarishia mama mkwe kiti.

Shangazi ni rahisi kidogo. Tata. Dada wa mama na dada wa baba, wote tata. Sisi tuliozoea kutenganisha mama mdogo, mama mkubwa na shangazi tunaona kama kuna kitu kimepungua, lakini kwa mgeni ni nafuu, hukosei upande. Wakiwa wengi unaongeza jina: Tata Wambũi, Tata Njeri. Na hapa, tofauti na mama mkwe, jina halina ubaya likitanguliwa na tata. Mimi naona tata ndiye wa kuanza naye. Hana ule uzito wa thoni kama mama mkwe mwenyewe, na mambo mengi ya nyumba utaambiwa na yeye.

Dada mkubwa sasa. Hakuna neno moja fupi kama dada yetu. Wanasema mwarĩ wa maitũ, binti wa mama yangu. Mnaona maitũ amejitokeza tena? Hata dada yako anaitwa kwa kupitia mama. Kwa hiyo ukimwambia wifi yako mwarĩ wa maitũ, umesema mambo mawili kwa pumzi moja: wewe ni dada yangu, na mama yako ni mama yangu. Hili si la ziara ya kwanza. Mwanzoni muite jina lake kama ni rika lako. Kama amekuzidi na ana watoto, mwite kwa mtoto wake wa kwanza, Nyina wa Kĩmani, sawasawa na Mama Kĩmani kwetu. Hapo nyina haikutengi, maana ni nyina wa Kĩmani kweli.

Mkishazaa, haya maneno yanageuka tena. Wakikuyu wanawapa watoto majina kwa mpango: mvulana wa kwanza babu upande wa baba, wa pili babu upande wa mama, msichana wa kwanza bibi upande wa baba, wa pili bibi upande wa mama. Binti yangu wa kwanza basi ana jina la mama mkwe, jina lile ambalo mimi silitamki mbele ya mwenyewe. Sasa nitamwitaje mtoto akipanda juu ya meza na bibi yake amekaa pale? Nitapiga kelele jina la mama mkwe? Haiwezekani. Ndiyo maana watoto wengi kama huyu wana jina la pembeni la nyumbani, na wangu anaitwa Shosho akiwa na miaka mitatu.

Baba yake yeye anamwita maitũ. Anabeba jina la mama yake, basi kwake ni mama yake kweli. Kliniki wauguzi wapya wanachanganyikiwa, baba anasema "maitũ amekuwa na homa tangu jana", wanachukua kipimajoto wananigeukia mimi.