Aya Sita za Rosa

Kijana mmoja wa hapa Nakapanya aliniletea insha yake juu ya Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971. Aya sita, zimeandikwa kwa mkono. Alishaambiwa haisomeki, akataka kuichana. Mimi niliisoma mara mbili. Mawazo yalikuwepo, tena makali, ila msomaji ilibidi ayatafute mwenyewe.

Nikamwambia: "Mdogo wangu, usifute kitu kwanza. Pigia mstari sentensi moja katika kila aya, ile ambayo ukiitoa aya inakufa."

Alipomaliza tukaona kisa cha tatizo. Karibu zote zilikuwa mwishoni mwa aya. Ni kawaida: mtu hugundua anachotaka kusema akiwa anaandika, kwa hiyo hoja huja mwisho. Aya ya tatu, kwa mfano, ilisimulia kirefu Zakaria anavyompiga Rosa kwa sababu ya barua ya Charles, ndipo ikasema: "Rosa alifundishwa kuwaogopa wanaume, hakufundishwa kuwaelewa." Tukaipandisha sentensi hiyo juu. Kipigo kikawa ushahidi badala ya kuwa muhtasari wa hadithi.

Kisha tukanakili sentensi hizo kwenye vipande vya karatasi, tukavipanga mezani bila kugusa insha. Yeye alianza na kifo cha Rosa. Tulipofuata sababu na matokeo, ikatangulia hofu ya nyumbani, ukafuata uhuru wa shuleni na chuoni uliomkuta hana silaha, halafu kifo. Aya ya Regina ilikuwa na sentensi mbili zinazogombana, moja ya ukimya wa mama, nyingine ya ulevi wa baba. Tukaigawa.

Ikabaki aya ya pili, iliyoeleza jinsi riwaya yenyewe ilivyowahi kupigwa marufuku mashuleni. Haikuwa na sentensi ya kupigia mstari, habari tupu. Nilitaka itoke. Kijana akakikodolea macho kile kipande cheupe, akasema polepole, "Dada, si walikifanyia kitabu kilekile Zakaria alichomfanyia Rosa?" Jamani! Hiyo ndiyo ikawa sentensi ya kwanza ya aya ya mwisho, na ndilo wazo bora katika insha nzima. Lisingeonekana bila pengo lile.

Kuhamisha aya kuna gharama yake, maana viungio hubaki vikining'inia. Aya ya kipigo ilianza na "Huyu naye", na sasa haikujulikana huyu ni nani. "Vilevile" na "kama nilivyosema" nazo zikakosa pa kushika. Zote ilibidi ziandikwe upya.

Kipimo chetu cha mwisho kilikuwa kusoma sentensi za kwanza tu, aya hadi aya. Hoja ikapita mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Ingekatika mahali, basi hapo pana aya iliyokaa vibaya, au wazo ambalo mwandishi bado hajaliandika.