Ada ya shule kutoka nje ikifika pungufu

Kama una ndugu nje anayekusaidia ada, huenda mhasibu wa shule amewahi kukuambia hela imefika pungufu, huku ndugu yako akiapa ametuma yote. Kabla hamjagombana, jua kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Mdogo wangu yuko Maskati, Omani. Muhula uliopita alituma dola 600 kwenye akaunti ya dola ya shule anakosoma binti yangu. Zikafika 568. Kwa dola 32 tu, mtoto akazuiwa kufanya mtihani mpaka nilipouza mahindi niliyokuwa nayasubirisha bei.

Benki ya Maskati na benki ya shule hazina akaunti kati yao. Dola zilipitia benki kubwa ya New York, ambako kila moja ina akaunti yake ya dola. Hiyo ndiyo benki ya kati. Ilikata dola 22 ndani ya hela yenyewe, kisha benki ya shule ikakata 10 za kupokea. Ni kama dalali anayechota debe lake kwenye gunia likiwa njiani, ila huyu humwoni.

Risiti aliyopewa mdogo wangu haikutusaidia, maana ilionyesha kilichotoka tu. Nilimwomba mhasibu aitake benki yake impe nakala ya ujumbe wa malipo uliowafikia, ambao wengi bado huuita MT103, ingawa tangu Novemba 2025 ni pacs.008. Humo, Instructed Amount ni kiasi kilichoagizwa: 600. Interbank Settlement Amount ni kilichofika benki: 578. Na Charges Information ni makato ya njiani: 22. Zile 10 za kupokea zilionekana kwenye taarifa ya akaunti ya shule.

Chanzo kilikuwa kwenye Charge Bearer, palipoandikwa SHAR, ambayo kwenye fomu ni SHA. Maana yake mtumaji analipia benki yake, na gharama zilizobaki zinakatwa kwenye hela. Ikiwa BEN, hata gharama za benki ya mtumaji zinakatwa humo humo. Ikiwa OUR, mtumaji analipia safari yote pembeni. Fomu nyingi zikiachwa bila kuchaguliwa huenda na SHA, kwa hiyo mwambie ndugu yako aulize kabla ya kusaini.

OUR nayo si kinga kamili. Benki nyingine hukata ada ya kupokea hata hivyo, kwa hiyo iulize shule benki yao hukata kiasi gani, ndugu aongezee hapo. Muhula huu mdogo wangu alichagua OUR akatuma 610, zikaingia 600.

Jambo jingine: makato haya kwa kawaida hayapungui sana hata kiasi kikiwa kidogo. Ile 600 angeituma kwa mafungu matatu ya 200, tungekatwa mara tatu. Afadhali ndugu akusanye atume mara moja, wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa, ili pakiwa na upungufu mpate muda wa kuufuatilia.