Kabalo: basketi hufunguka kwa moto kuliko kwa maji

Mama mmoja aliyekimbia vita na kufikia kwa ndugu zake hapa Kabalo alimnunulia mtoto wake basketi za mutumba. Mechi ya shule ilipokaribia, alizifua kwa maji ya moto, kisha akaziweka kando ya babula zikauke usiku uleule. Asubuhi semeli ya kulia ilikuwa imefunguka mbele kama mdomo wa samaki, na kiatu kimejikunja.

Mama alimlaumu muuzaji. Lakini fundi wa viatu sokoni alivuta ile semeli kidogo, akaona kola inanyooka kama utomvu. Hiyo, alisema, ni kola iliyolainishwa na moto. Kama semeli yenyewe ingemong'onyoka kama biskuti, hapo kingekuwa kiatu kilichozeeka kwa unyevu wakati wa kukaa miaka stoo, na hakuna ufuaji ungekiokoa.

Yeye huanza na kiatu kikavu. Hutoa kamba na soli ya ndani, hugonga semeli mbili pamoja, na kwa kijiti hutoa mawe na mchanga, maana mchanga ukilowa husugua kitambaa kama msasa. Halafu huchukua maji baridi na sabuni kidogo, brosi ngumu kwa semeli na mswaki wa zamani kwa kitambaa. Kiatu hakilowekwi. Husuguliwa sehemu kwa sehemu na kufutwa kwa kitambaa chenye maji safi mpaka povu liishe. Sabuni ikibaki, basketi nyeupe hugeuka njano juani, na javeli huzidisha hayo.

Kukausha ndiko kunakotaka uvumilivu. Jaza matambara makavu ndani ili kiatu kishike umbo, yabadilishe yakilowa, kisha weka kivulini penye upepo. Siku mbili za masika si nyingi.

Mashini ya kufulia ni adimu hapa, lakini kuna wenye ndugu Lubumbashi wanaoitumia. Basketi za kitambaa zinaweza kuingia, za ngozi hapana. Zifungwe ndani ya foronya pamoja na taulo mbili, la sivyo zitagonga pipa la mashini kila mzunguko. Jiwe lililosahauliwa kwenye semeli linaweza kukwaruza pipa au kuchana mpira wa mlango. Maji yawe baridi, yasizidi digrii 30, na kukamua kuwe kwa mwendo mdogo. Mashini ya kukaushia ni babula nyingine tu.

Kiatu cha mtoto kilikwanguliwa kola ya zamani, kikapakwa mpya pande zote mbili. Fundi alingoja mpaka isinate tena kidoleni, akabana na kukifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli mpaka kesho yake. Mbele akaongeza uzi. Mtoto alicheza, ingawa kile cha kulia bado kinambana vidole.