Karata ya Tatu: Mtu Asiyekuwepo Mezani

Wengi wetu hapa Mbale tunazijua karata kwa mchezo wa matatu tu. Mimi nazijua kwa kazi nyingine pia. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwatandazia wenzangu wa hosteli karata za taroti, na swali ninaloletewa kuliko mengine yote ni lile la mapenzi ya watu watatu: mimi, yeye, na yule mwingine. Insha hii inahusu karata moja tu ya tandazo hilo, ile ya tatu, kwa sababu ndiyo inayoweza kumdhuru mtu asiyehusika.

Kwanza niwafahamishe karata zenyewe. Ninazotumia zilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, zikatolewa London mwaka 1909. Ziko 78: karata kuu 22, na ndogo 56 zilizogawanyika katika mafungu manne ya vikombe, sarafu, fimbo na panga. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tusiyaone mafungu haya kuwa mageni. Majina yetu ya karata za kawaida, kopa, uru, pau na shupaza, tuliyapokea kutoka kwa Wareno, na kwa Kireno asili yake ni vikombe, dhahabu, marungu na panga. Anayecheza shupaza ameshika upanga bila kujua.

Tandazo lenyewe ni rahisi. Karata tatu hupangwa kwa mstari: ya kwanza ni ya muulizaji, ya pili ni ya mpenzi wake, ya tatu ni ya yule mwingine. Ugumu uko katika kuamua karata ya tatu inasema nini hasa. Inaweza kusomwa kwa namna tatu. Inaweza kuwa yule mtu jinsi alivyo. Inaweza kuwa picha yake iliyomo kichwani mwa muulizaji. Au inaweza kuwa nafasi yake katika jambo lile, yaani anachofanya au anachofanyiwa. Msomaji wa karata ni lazima achague mojawapo kabla ya kuifunua, na amwambie muulizaji amechagua ipi. Ukisubiri kuiona kwanza, utachagua ile inayompendeza aliyeketi mbele yako, na anayependezwa zaidi ni yule anayesikia kwamba adui yake ni mbaya.

Mimi huchagua nafasi. Sababu yangu ni hii. Nikikosea kuhusu karata ya kwanza, muulizaji atatikisa kichwa na kusema, "Hapana, mimi siko hivyo." Nikikosea kuhusu ya pili, anamjua mpenzi wake, atanisahihisha. Lakini nikisema neno kuhusu wa tatu, hakuna mezani wa kumtetea. Neno langu litatoka chumbani kama ushahidi.

Nitoe mfano. Muhula uliopita dada mmoja wa hosteli yetu alinijia usiku. Mchumba wake anafanya kazi Jinja, takribani kilomita 140 kutoka hapa kwa barabara ya Tirinyi na Iganga. Alikuwa amesikia kwamba kule Jinja kuna mwanamke mwingine. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba Jumamosi angepanda basi, amtafute mwanamke huyo, na "amfundishe adabu". Alitaka karata zimwambie ni mtu wa namna gani.

Nilimwambia mapema kwamba karata ya tatu ingeonyesha nafasi ya yule mwanamke, wala si tabia yake. Akakubali. Nikafunua.

Ya kwanza ilikuwa Nane ya Panga. Humo mna mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, panga nane zimemzunguka. Dada akacheka kidogo, akasema, "Huyo ni mimi kabisa, sioni kitu." Ya pili ilikuwa Mbili ya Sarafu: kijana anayecheza na sarafu mbili, utepe umezizungusha pamoja, na nyuma yake merikebu zinapanda na kushuka juu ya mawimbi. Hapo sikuhitaji kueleza.

Ya tatu ilikuwa Saba ya Panga. Mtu anaondoka kambini kwa kunyata, amebeba panga tano mikononi, anatazama nyuma alikotoka. Panga mbili zimebaki zimesimama ardhini. Kabla sijafungua mdomo dada alisema, "Mwizi! Umeona? Karata yenyewe imesema."

Hapa ndipo pa kusimama. Karata hii vitabuni huitwa karata ya hila na wizi, kwa hiyo dada hakulizua neno lile. Lakini tuitazame kwa utaratibu. Ni karata ya namba. Ingekuwa malkia au mfalme, ningeweza kufikiria kwamba inamchora mtu. Karata ya namba huchora tukio. Wizi umo, ndiyo, ila karata iliyoangukia mahali pa mwanamke haisemi kwamba yeye ndiye aliyenyata. Kambi ile ni ya mtu fulani. Wenye kambi nao wamo ndani ya picha, na wao ndio walioibiwa.

Nilimwuliza dada: "Katika picha hii, yule mwanamke ni nani? Ni anayebeba panga, au ni mwenye hema?" Alinyamaza. Nikamwuliza tena: "Na kama yeye angekuwa ameketi hapa mbele yangu leo, karata ya tatu ingekuwa ya nani?"

Swali hilo la pili sasa nalitumia katika kila tandazo la namna hii, kwa sababu "wa tatu" si mtu bali ni mahali pa kuketi. Anayeuliza hujihesabu wa kwanza daima. Methali inatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini haituambii nani kati yetu ni mbachao na nani ni msala. Na hapa kwetu, ambapo ndoa ya kimila na ya Kiislamu huruhusu mke zaidi ya mmoja, huenda huyo unayemwita wa tatu amekwisha kutolewa mahari.

Karata hazikujua jibu, nami sikujifanya ninalijua. Zilichoweza kutoa ni swali la kumpelekea mtu aliye hai. Panga mbili zilizobaki ardhini zilitufanya tuulize ni nini ambacho hakijasemwa. Tuliliandika kwenye karatasi: "Yule wa Jinja umemwambia mimi ni nani?"

Alimpigia mchumba simu papo hapo. Kijana alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Nilimwambia wewe ni dada yangu, mtoto wa baba mdogo."

Dada alikata simu. Alilia, na sikumzuia. Baadaye alisema jambo ambalo lisingetoka katika karata yoyote: "Kwa hiyo angenikaribisha chai." Ni kweli. Angefika Jinja na ghadhabu yake, na mwanamke yule angempokea kama wifi.

Jumamosi ile hakusafiri. Uchumba aliuvunja mwenyewe wiki mbili baadaye, kwa sababu zake. Yule wa Jinja sisi hatumjui jina mpaka leo. Tunachojua juu yake ni kimoja tu, kwamba alidanganywa, na hicho tulikisikia kinywani mwa aliyemdanganya.